Je, wajua kwa nini jeni mbili zinaweza kukupa 9:3:4 badala ya 9:3:3:1?

Swali: "Nilipandisha panya weusi na weupe wa maabara, watoto wote wakatoka rangi ya panya wa porini. Nikawapandisha hao wenyewe kwa wenyewe, sasa nina makundi matatu tu. Jeni mbili si zinatoa makundi manne? Nitajuaje kama hii ni epistasisi au ni kitu kingine?"

Makundi manne bado yapo, ila mawili yamevaa sura moja. Ukichukua ile 9:3:3:1 ya kawaida ya jeni mbili ukaunganisha 3 ya mwisho na 1, unapata 9:3:4, na kwenye jeni zenyewe hakuna kilichobadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kile jicho lako linaweza kuona.

Kwenye panya kuna jeni mbili hapa. Ya kwanza tuiite A, hii inaamua unywele upakwe vipi. Panya mwenye A kubwa hata moja anakuwa aguti, yaani kila unywele ni mweusi lakini una mkanda wa njano karibu na ncha, ndo maana kwa mbali anaonekana kahawia kama wa porini. Mwenye aa hana huo mkanda, anabaki mweusi. Jeni ya pili ni C, na hii ndo inatengeneza tairosinesi, enzaimu inayoanzisha kazi ya kutengeneza melanini, iwe nyeusi iwe ya njano. Panya mwenye cc hana tairosinesi inayofanya kazi, kwa hiyo hana rangi kabisa, mweupe pee na macho mekundu. Sasa ukimwuliza panya wa cc kama ana mkanda wa njano au hana, atakujibu nini? Ni kama fundi mwenye brashi nzuri lakini kopo la rangi ni tupu, huwezi kujua angepaka mtindo gani. Hiyo ndo epistasisi: hali ya jeni moja inafunika kazi ya jeni nyingine, na hapa cc inaifunika A.

Kwa hiyo krosi yako ilikuwa mweusi aaCC na mweupe AAcc. Watoto wote wakawa AaCc, aguti, rangi ambayo mzazi yeyote hakuwa nayo. Hao wakizaliana, kati ya sehemu 16 unapata 9 zenye A na C zote mbili, hao ni aguti, 3 za aa zenye C, hao weusi, 3 zenye A lakini cc, hao weupe, na 1 ya aacc, naye mweupe. Weupe jumla 4.

Linganisha na mbaazi za Mendel, maana hapo ndo tofauti na daihaibridi ya kawaida, yaani krosi ya jeni mbili zisizofunikana, inaonekana wazi. Yeye alihesabu mbegu 556: 315 za mviringo na njano, 108 za mviringo na kijani, 101 za mikunjo na njano, 32 za mikunjo na kijani. Angalia zile zenye mikunjo peke yake, 101 kwa 32, bado ni karibu 3:1 ya njano kwa kijani. Yaani mbegu ikiwa na mikunjo haikuzuii kuona rangi yake, maswali yote mawili yanajibika kwa kila mbegu. Kwa panya, swali la rangi ipo au haipo linajibika kwa wote, ila swali la mkanda linajibika kwa wenye rangi tu. Ukiona swali moja linakosa jibu ndani ya kundi moja zima, hapo anza kufikiria epistasisi.

Lakini sasa kuna mtego, na kwa maoni yangu mtego huu ni mzito kuliko 9:3:3:1 yenyewe, kwa sababu 9:3:3:1 ina makundi manne na wewe una matatu, hiyo hata mtoto anaona. Mshindani wa kweli ni 1:2:1. Fikiria mtu asiyejua chochote kuhusu tairosinesi, ameona mweusi akapandishwa na mweupe, watoto wote wakatoka na rangi ya tatu, halafu kizazi kinachofuata zikarudi rangi zote tatu na ile ya tatu ikawa nyingi kuliko zote. Si atasema hii ni jeni moja tu ambayo haina aleli, yaani toleo la jeni, inayotawala kikamilifu, aguti ndo wa mchanganyiko? Na hesabu zinamsaidia, maana 1:2:1 kwa sehemu 16 ni aguti 8, weusi 4, weupe 4. Ya epistasisi ni 9, 3, 4. Zimepishana sehemu moja tu!

Tuchukue mfano, panya 160: aguti 91, weusi 28, weupe 41. Kwa 9:3:4 ulitegemea 90, 30 na 40. Kai-skwea, yaani namba inayoonyesha ulichoona kiko mbali kiasi gani na ulichotegemea, unaipata kwa kutoa kilichotegemewa kwenye kilichoonekana, unazidisha jibu kwa lenyewe, unagawa kwa kilichotegemewa, halafu unajumlisha makundi yote. Inatoka 0.17, ndogo sana, kipimo cha kukataa kwa makundi matatu ni 5.99, yaani hadithi inakataliwa ikipita hapo. Safi. Watu wengi wanaishia hapo na kuandika epistasisi imethibitishwa, na hapo ndo wanapokosea, kwa sababu hawajampima mshindani. Kwa 1:2:1 ulitegemea 80, 40 na 40, kai-skwea yake inatoka 5.14. Kubwa zaidi ndio, ila bado iko chini ya 5.99. Yaani panya 160, na mama mmoja anazaa labda sita hadi nane kwa mkupuo, kwa hiyo ni mizao ishirini au zaidi, na bado huwezi kukataa hadithi ya jeni moja kwa kipimo hicho.

Kuna njia ya kuuliza vizuri zaidi kwa data hiyohiyo. Weupe ni robo kwenye hadithi zote mbili, hawakuambii chochote, wanakula tu nafasi kwenye kipimo. Waweke pembeni. Tofauti yote iko kati ya aguti na weusi: epistasisi inasema 3:1, jeni moja inasema 2:1. Una 119 wenye rangi, 91 kwa 28. Kwa 3:1 ulitegemea 89.25 kwa 29.75, kai-skwea 0.14. Kwa 2:1 ulitegemea kama 79.3 kwa 39.7, kai-skwea 5.15, na sasa makundi ni mawili tu kwa hiyo kipimo cha kukataa ni 3.84. Imekataliwa. Panya walewale, swali limeelekezwa tu pale hadithi zinapogombana. Ila uamue kufanya hivi kabla ya kuona hesabu, sio ujaribu vipimo mpaka kimoja kikubali unachotaka.

Hata hivyo mimi nisingetegemea hesabu ya kizazi hiki peke yake, kwa sababu kuna krosi ambazo zinamaliza ubishi kwa panya wachache sana. Ya kwanza, chukua weusi wa kizazi cha pili uwapandishe wao kwa wao. Kama ni jeni moja, mweusi ana aleli mbili zinazofanana, hawezi kuzaa mweupe hata iweje. Kama ni epistasisi, weusi wawili kati ya watatu ni aaCc, wamebeba c kimyakimya, na jozi 4 kati ya 9 zitakuwa na wazazi wote wawili wa namna hiyo. Mtoto mweupe mmoja tu akitokea kwa wazazi weusi wawili, hadithi ya jeni moja imekwisha, hauhitaji kai-skwea (hakikisha tu jike hakuwa tayari na mimba ya dume mwingine, hilo linaharibu kazi nyingi).

Ya pili ni kuwauliza weupe wenyewe wameficha nini. Mpandishe kila mweupe na mweusi halisi wa aaCC. Watoto wote watapata C moja kutoka kwa huyo mweusi, kwa hiyo wote watakuwa na rangi, na ile A iliyokuwa imefunikwa itajitokeza. Mweupe wa AAcc anazaa aguti tupu, wa Aacc anazaa nusu aguti nusu weusi, wa aacc anazaa weusi tupu. Kwa hadithi ya jeni moja weupe wote ni sawa na wote wangezaa aguti tu. Mweusi mmoja akitokea ujue huyo mweupe ana a, lakini wakitoka aguti wote usikimbilie kusema ni AA, maana wa Aa naye anaweza kubahatika, bahati ya kuzaa aguti saba mfululizo kwake ni 1 kati ya 128, kwa hiyo watoto saba ni kiasi kizuri cha kusimamia.

Ukiwapima weupe wengi hivyo, robo tatu wanatakiwa kuwa na A na robo hawana, yaani ile 3 na ile 1 zinatengana tena na 9:3:3:1 yako unaiona mwenyewe. Kama hazitengani hivyo na karibu weupe wote ni AA, kuna jambo lingine la kufikiria: jeni mbili zilizo karibu kwenye kromosomu moja. Kwa krosi iliyoanza na aaCC na AAcc, jeni zikishikana kabisa kizazi cha pili kinakuwa 1:2:1 kamili ingawa jeni ni mbili na epistasisi ipo, na zikishikana nusunusu hesabu inaelea katikati ya 1:2:1 na 9:3:4. Kwa panya hilo halikusumbui, jeni ya aguti iko kromosomu ya 2 na ya tairosinesi iko ya 7. Kwa kiumbe ambacho hujui jeni zake ziko wapi, krosi ya weupe ifanye kabla hujaandika neno epistasisi popote.