Maoni ya nyota moja: lini uripoti Google, lini ujibu mwenyewe

Wenye lodge na migahawa wa Mtwara na Lindi wakipigwa nyota moja kwenye Google Maps, wengi huuliza: "Hii inafutikaje?" Mimi huanza na swali jingine. Je, mtu asiyeijua lodge yako, hajawahi kufika Shangani wala Mikindani, akisoma maneno hayo peke yake ataona kanuni imevunjwa? Akiona, ripoti. Ikibidi kwanza umweleze nani alisema kweli na nani alidanganya, ripoti yako itagonga mwamba, kwa sababu Google hawaamui ugomvi wa mteja na mwenye biashara. Hawana daftari lako la wageni, wala risiti zako hawazioni.

Chukua mfano huu, nimeutunga lakini sura yake ni ya kawaida kabisa. Ni Novemba, msimu wa korosho, vyumba vimejaa. Mgeni anaandika: "AC haipozi. Umeme umekatika saa tatu usiku, jenereta limewashwa saa sita. Yule dada wa mapokezi ni malaya tu, namba yake hii hapa, mpigieni." Kisha anaweka jina la dada na namba ya simu.

Hapo kuna vitu viwili vilivyofungwa kwenye kifurushi kimoja. Joto na jenereta ni malalamiko halali, hata kama yamekuzwa. Tusi, jina na namba ya simu ni uvunjaji wa kanuni, na hauhitaji ushahidi wa nje. Maoni ya namna hii yanaripotiwa kabla ya kujibiwa, na yanaripotiwa siku hiyo hiyo, maana kila saa inayopita kuna mtu mwingine anaipiga ile namba.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, nyota, tarehe na maneno yote. Mwandishi anaweza kuyahariri wakati wowote, na akishahariri huna tena cha kuonyesha. Halafu ingia kwa ile barua pepe inayosimamia ukurasa wa biashara yako, fungua maoni hayo, bonyeza vidoti vitatu pembeni yake, chagua "Report review", kisha chagua sababu.

Kwenye sababu ndipo wengi wanapokosea. Kwa hasira mtu anachagua sababu ya maoni feki, kumbe mgeni alilala kweli na malalamiko yake ni ya kweli nusu. Kwa mfano wetu chagua "Personal information". "Bullying or harassment" nayo inaingia, lakini tusi lina ubishi: huyu ataliona kali, yule ataliona la kawaida. Namba ya simu ya mtumishi haina ubishi. Siku zote chagua kosa ambalo mtu wa mbali asiyeijua lodge yako analiona mara moja.

Kuwaambia ndugu na wafanyakazi kumi nao waripoti hakuongezi uzito. Kinachopimwa ni maneno yaliyoandikwa, si wingi wa mikono iliyonyooshwa. Na usihofu kwamba mgeni ataambiwa nani kamripoti, haambiwi.

Majibu huchukua siku kadhaa. Fuatilia kwenye ukurasa wa Google unaoitwa Reviews Management Tool, kwa barua pepe ile ile. Ukiona "Decision pending", subiri. Ukiona "Report reviewed - no policy violation", wamekataa, lakini una nafasi ya kukata rufaa, na nafasi hiyo ni moja, basi. Kwa hiyo usiichome kwa kuandika kwamba mgeni ni mwongo. Waambie namba ya simu ya mfanyakazi imewekwa hadharani bila ridhaa yake, na uwaonyeshe ni sentensi ipi.

Wakati unasubiri, kama unamfahamu mgeni na alikuachia mawasiliano, unaweza kumpigia kwa upole: "Kaka, malalamiko yako tumeyapokea, yaache tu. Tunaomba uondoe namba na jina la dada." Wengi hasira zikishapoa huwa wanakubali. Ila usimwahidi usiku wa bure au punguzo ili afute. Kanuni za Google zinakataza kununua ufutaji wa maoni mabaya, na hapo mkosaji utakuwa wewe.

Sasa, kwa nini usijibu hadharani papo hapo? Kwanza, mgeni hupata taarifa ukimjibu, na mwenye hasira bado moto anaweza kurudi kuongeza mengine. Pili, jibu la kumtetea dada, "si kweli kwamba mfanyakazi wetu ni...", linalirudia tusi kwa kinywa cha biashara yenyewe. Msomaji wa Dar anayetafuta chumba sasa amelisoma mara mbili. Na ukijibu kwa kutaja mgeni alilala chumba gani na alikuja na nani, umefanya kosa lile lile unalolilalamikia. Taarifa za mgeni zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Google wakikubali, maoni yote yanaondoka, pamoja na sehemu ya AC. Hawakati kipande. Mgeni anaweza kuandika upya, safari hii bila tusi wala namba. Hayo mapya usiyaripoti. Yajibu. Wakikataa hata baada ya rufaa, nayo yajibu, lakini gusa joto na jenereta tu, kana kwamba ile sentensi nyingine haipo:

"Ndugu mgeni, samahani kwa usiku ule wa joto. Jenereta lilichelewa kwa sababu dizeli iliisha na hatukuwa na akiba. Sasa akiba ipo muda wote. AC imefanyiwa matengenezo. Ukifika tena Mtwara, muulizie meneja mapokezi."

Yanabaki maoni yanayouma bila kuvunja kanuni, na ndiyo mengi. Mgeni anasema alitozwa 80,000 badala ya 60,000, nawe risiti ya 60,000 unayo. Ni uongo, sawa, lakini ni uongo ambao bila daftari lako hauonekani. Jibu kwa sentensi mbili: bei ya chumba ni hii, risiti ipo, karibu tuiangalie pamoja. Nyota moja tupu bila neno, vivyo hivyo. Kwa kawaida haina cha kuripotiwa.

"Jina hili halipo kwenye daftari" nalo ni ushahidi dhaifu kuliko linavyosikika. Akaunti huwa na majina ya utani, na huenda chumba kiliandikwa kwa jina la mwenzake. Bonyeza jina lake uone ameandika nini kwingine. Ukikuta siku moja kazipa nyota moja lodge nne za mji huo huo, na nyota tano moja tu, hapo pana harufu ya mshindani, na kuripoti kuna maana. Aliyekuwa mfanyakazi wako akiandika kuhusu mshahara aliodai, ripoti pia: kanuni haziruhusu mtu kutumia maoni kuzungumzia kazi yake ya sasa au ya zamani.

Na mgeni wa Kilwa Masoko anayekupa nyota moja kwa sababu boti ya kwenda Kilwa Kisiwani ilichelewa? Kama boti si yako, ripoti kwamba maoni hayo hayahusu biashara yako. Kama ni wewe uliyemkatia safari hiyo pale mapokezi, boti ni yako. Mjibu.