Mgongo uliopinda: nyuzi 28 ni nyingi au ni chache?

Picha nyingi za mgongo uliopinda ninazoletewa zimepigwa mtoto akiwa amelala. Ukilala, uzito wa kichwa na mabega hauushindilii tena uti wa mgongo, na pembe ya pindo hupungua kwa nyuzi kadhaa. Picha ya kuamulia matibabu hupigwa mtoto akiwa amesimama bila viatu, mionzi ikiingilia mgongoni ili matiti yanayoanza kukua yapate kidogo, na ionyeshe kuanzia shingoni hadi kwenye nyonga. Hapo kwenye nyonga ndipo vyumba vingi vya eksirei wilayani vinapokwama: kaseti kubwa iliyopo ni ya sentimita 35 kwa 43, basi mfupa wa nyonga unakatwa. Nitaeleza kwa nini mfupa huo ninauhitaji.

Chukua binti wa miaka 12 kutoka upande wa Arua, Uganda. Mama yake aligundua bega moja liko juu alipokuwa akimpima sare ya shule. Nilimwambia ainame mbele, mikono ikining'inia, na mbavu za kulia zikatokeza juu kuliko za kushoto. Ripoti aliyokuja nayo ilisema nyuzi 22. Picha ilikuwa ya kulala. Tukarudia akiwa amesimama.

Kupima hakuhitaji mashine kubwa. Natafuta pingili iliyoinama kuliko zote upande wa juu wa pindo, na nyingine upande wa chini. Kwake zilikuwa pingili ya 5 na ya 12 za kifua. Nachora mstari kwenye ukingo wa juu wa ile ya kwanza, na mwingine kwenye ukingo wa chini wa ile ya pili. Mistari hiyo mara nyingi hukutana nje ya picha, kwa hiyo kila mmoja nauwekea mwingine unaoukata kwa pembe ya nyuzi 90, na pale hiyo miwili inapokatana ndipo naweka kipimapembe. Njia hii ilielezwa na daktari wa Marekani, John Cobb, mwaka 1948, na hata kompyuta hupima vivyo hivyo. Tulipata nyuzi 28. Kabla ya kuchora chochote nilizikagua pingili zenyewe, maana hapa kwetu mgongo uliopinda unaweza kuwa wa kifua kikuu, na huo hula mfupa. Zake zilikuwa nzima.

Kwa kawaida, chini ya nyuzi 10 hatuiti ugonjwa. Hadi 25 tunaangalia tu kwa picha kila baada ya miezi kadhaa. Kati ya 25 na 40 tunafikiria koti gumu la plastiki, na kuanzia 45 au 50 tunazungumzia upasuaji. Ila ngazi ya koti ni ya mtoto anayekua tu. Ndiyo maana nautaka mfupa wa nyonga: juu ya ukingo wake huota kifuniko cha mfupa, kikianzia nje na kusogea kuelekea uti wa mgongo kadiri ukuaji unavyokaribia kuisha. Kwa binti huyu hakikuwa kimeanza, na hakuwa amevunja ungo. Urefu wake mwingi ulikuwa bado unakuja, na pindo huongezeka na urefu. Msichana mwingine wa miaka 16 aliye na nyuzi hizohizo 28, kifuniko kimekamilika, ningemwacha bila koti: pindo lisilofika 30 ukuaji ukiisha kwa kawaida hutulia. Linalozidi 50 huendelea hata utu uzimani, takriban nyuzi moja kwa mwaka, na ndiyo sababu tunahangaika lisifike huko.

Koti halinyooshi mgongo moja kwa moja, linazuia tu. Katika utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013, asilimia 72 ya waliopewa koti walimaliza kukua chini ya nyuzi 50, dhidi ya 48 ya walioangaliwa tu. Waliovaa zaidi ya saa 13 kwa siku walifaulu zaidi ya asilimia 90. Kwa joto la Arua saa hizo si mchezo. Fulana ya pamba ndani, ibadilishwe ikilowa jasho.

Binti yule tulimpa koti. Baada ya miezi sita, picha ilisoma 31. "Daktari, koti si limeshindwa?" mama aliuliza. Nikamwonyesha: wapimaji wawili wa picha moja hutofautiana hadi nyuzi 5, hivyo 3 si badiliko la kuaminika. Ingekuwa 34, kwa pingili zilezile, ningesema pindo limesogea, na kwanza ningeuliza saa za kuvaa. Likipita 45 naye bado anakua, tutakaa kuzungumza kuhusu skrubu na vyuma vya kuunganisha pingili, ambavyo huacha sehemu hiyo ya mgongo haikunjiki tena.

Kwa hiyo mkija kliniki, leteni picha zenyewe, za zamani na mpya. Ripoti inayotaja nyuzi bila kutaja pingili zilizopimwa hainisaidii kulinganisha.