Cheti cha jina la biashara si kampuni

Kila muhula mwanafunzi hunionyesha kwenye simu cheti alichotoa eCitizen na kuniambia, "Mwalimu, nimeshafungua kampuni." Nikikisoma, nakuta ni usajili wa jina la biashara. Nimechoka kurudia: cheti hicho kinasema tu ni nani anayefanya biashara kwa jina hilo. Mbele ya sheria, jina na mwenyewe ni mtu yuleyule.

Chukua duka la hadiwea Kariobangi. Limekopa saruji na mabati ya shilingi 600,000, biashara imekufa, na bidhaa zilizobaki zimeuzwa kwa 150,000. Kuna pengo la 450,000.

Kama duka ni la mtu mmoja, deni ni lake. Mdai akishinda kesi asipolipwa, dalali anaweza kuja kuchukua pikapu yake, hata kama hakuitumia dukani.

Kama ni ubia wa kawaida wa watu wawili, wengi hudhani kila mmoja atadaiwa 225,000. Sivyo. Mdai anaweza kumwandama mwenye uwezo kwa zote 450,000, kisha huyo aliyelipa ndiye ahangaike kumdai mwenzake. Kwa hiyo mbia maskini ni hatari kuliko mnavyofikiri.

Kampuni yenye dhima ya kikomo ni mtu mwingine kabisa kisheria, na deni ni lake. Tuseme mwenyehisa alichukua hisa 1,000 za shilingi 100 kila moja, akalipa 40,000 tu. Anadaiwa 60,000 zilizosalia, basi. Zile 390,000 zinamwangukia mdai.

Hapo darasa hushangilia mapema. Benki nazo zinaijua hesabu hii, ndiyo maana zikiikopesha kampuni changa humtaka mkurugenzi atie sahihi ya dhamana binafsi. Akitia, kwa mkopo huo ile kinga haipo tena. Someni karatasi kabla ya kutia sahihi, tafadhali! Na anayelipia karo ya mtoto kwa pesa za kampuni bila kuziandika kama mshahara, gawio au mkopo anachezea mali isiyo yake, hata akimiliki hisa zote.

Ati kampuni lazima iwe na watu wawili? Hayo ni ya zamani. Tangu Sheria ya Kampuni ya 2015, mtu mmoja anatosha kuunda kampuni binafsi.

Ati bila mkataba wa maandishi hakuna ubia? Mkifanya biashara pamoja kwa nia ya faida, tayari ni wabia. Na msipokubaliana vingine, faida hugawanywa sawa kwa sawa, hata kama wewe ulileta pesa nyingi na mwenzako akaleta maneno. Andikeni mkataba, japo ukurasa mmoja.