Maswali na majibu: Jaribio la dawa ya sonona husimamishwa lini, na nani?

Ndugu yangu yuko kwenye jaribio la dawa mpya ya sonona. Hata daktari wake hajui kama anameza dawa au kidonge kitupu. Akidhurika, nani atajua?

Daktari wake atalijua tukio lenyewe, na usalama wa mgonjwa ukidai, siri ya kidonge chake inaweza kufunguliwa usiku huohuo. Asichokiona daktari ni hali ya washiriki wote kwa pamoja. Hiyo huonwa na kamati ya kufuatilia data: watu wachache, kwa kawaida madaktari wa magonjwa ya akili na mtakwimu, ambao hawaendeshi jaribio wala hawana maslahi na mwenye dawa. Hufanya kazi kwa hati inayoandikwa kabla matokeo hayajaanza kuonekana. Kikao chao kina sehemu mbili. Katika ya kwanza watafiti hueleza jaribio linavyokwenda bila kutaja kundi. Kisha wanatoka, na kamati inabaki na takwimu za kundi A na kundi B. Kamati hupendekeza, mwenye jaribio ndiye huamua, lakini hati nzuri humtaka ajibu kwa maandishi anapokataa pendekezo.

Mgonjwa wa sonona kulazwa ni jambo la kawaida. Hilo nalo linahesabiwa kuwa madhara?

Ndiyo, na hapa ndipo hati nyingi huyumba. Tukio huitwa kubwa likisababisha kifo, likitishia uhai, likimlaza mtu hospitali au kurefusha kulazwa kwake, likimwachia ulemavu wa kudumu, au mtoto akizaliwa na kasoro. Ukubwa huo si sawa na ukali: kichwa kinaweza kuuma vibaya sana na bado lisiwe tukio kubwa. Katika dawa za akili, kulazwa kwa sababu sonona imezidi kunaweza kuwa ugonjwa wenyewe au kazi ya dawa. Hati ikisema "kuzidi kwa ugonjwa kusihesabiwe", dawa inayozidisha ugonjwa itapita bila kuonekana. Mimi ningetaka kila kulazwa kuhesabiwe, kisha kamati ilinganishe makundi. Jambo la kufikiria kujiua lisiachwe hadi mgonjwa ajisemee. Aulizwe kila anapokuja kliniki, kwa maswali yaleyale.

Tuseme watu saba waliomeza dawa wamepanga kujiua, na wawili tu upande wa kidonge kitupu. Si wasimamishe hapohapo?

Si lazima. Chukua makundi mawili yaliyo sawa kwa idadi na matukio tisa. Kama dawa haina kosa, kila tukio ni kama sarafu iliyorushwa: linaweza kuangukia upande wowote. Rusha mara tisa, na saba au zaidi zitaangukia upande wa dawa kwa bahati tu takribani mara 9 katika kila 100. Yangekuwa manane kwa moja, ingekuwa mara 2 hivi katika 100. Hati ikiwa imeweka mstari kwenye mara 5 katika 100, saba kwa mawili hayajauvuka.

Lakini mstari huo ni wa kuamsha, haufungi macho. Kamati hufungua majalada yote tisa. Wakikuta watano kati ya wale saba walifikia hali hiyo ndani ya siku kumi tangu dozi ipandishwe, sarafu haina tena la kusema. Wanaweza kupendekeza dozi isipandishwe, wasiingizwe washiriki wapya, na walio ndani wapigiwe simu kila wiki. Tahadhari hii haikutoka hewani. Mwaka 2004, mamlaka ya dawa ya Marekani ilijumlisha majaribio 24 ya dawa za sonona kwa watoto na vijana, yenye washiriki zaidi ya 4,400: fikra au vitendo vya kujiua vilikuwa asilimia 4 kwa waliopewa dawa na asilimia 2 kwa waliopewa kidonge kitupu. Hakuna aliyekufa kwa kujiua, na ni vigumu jaribio moja dogo kuonyesha tofauti hiyo waziwazi.

Kusimamisha kwa sababu dawa inafaa ni kugumu zaidi, na ni haki iwe hivyo. Kanuni moja inayotumika sana hudai kwamba bahati tupu iweze kuleta tofauti hiyo chini ya mara 1 katika 1,000. Nafuu ya mapema mara nyingi hupungua baadaye. Madhara hatungoji yathibitike kiasi hicho.

Wakisimamisha, ndugu yangu ataambiwa aache vidonge kesho?

Asiache ghafla bila kuongea na daktari wa jaribio. Dawa nyingi za sonona zikikatwa mara moja huleta kizunguzungu, kukosa usingizi, wasiwasi, hata hisia kama za shoti ya umeme kichwani. Kwa hiyo hati inapaswa kutenganisha kufunga mlango kwa wapya na kuwaondoa walio ndani, na kusema dozi itapunguzwaje, kwa wiki ngapi, na nani atamwona mgonjwa katika wiki hizo. Aliyekuwa kwenye kidonge kitupu naye anahitaji tiba, kwani bado anaumwa. Mwulize daktari wake leo kama mpango huo umeandikwa, na namba ya kupiga usiku ni ipi.