Bloku haihesabiwi: mikono juu ya wavu na ile miguso mitatu

Kwenye mechi moja ya voliboli ya mashule niliyochezesha kama refa wa kwanza, kocha alikuja mbio mpaka kwenye mstari anapiga kelele "refa minne hiyo, minne!", na watu nyuma yake wanahesabu kwa vidole. Ilikuwa hivi. Timu ya kijani wamepiga smashi, namba 7 wa weupe karuka kapiga bloku, yaani kanyoosha mikono juu ya wavu kuuzuia, mpira ukamgonga vidoleni ukapaa upande wake mwenyewe. Akatua, akauokoa yeye yeye kwa mikono ya chini, seta akaunyanyua, namba 4 akashusha smashi, pointi. Ukihesabu miguso unapata minne wakati timu inaruhusiwa mitatu tu, tena namba 7 kaugusa mara mbili mfululizo. Na pointi ilikuwa halali kabisa.

Sababu ni kwamba kwenye voliboli ya ukumbini mguso wa bloku hauingii kwenye hesabu ya timu. Baada ya bloku timu inaanza moja upya, ina miguso yake mitatu kamili, na wa kwanza anaweza kupiga yeyote hata yule aliyebloku. Sheria hii ilikuja 1976, kabla ya hapo bloku ilikuwa inakula mguso mmoja, na nadhani wengi waliofundishwa na wazee wa zamani ndo wamebaki na hesabu ile.

Sasa shida kubwa ninayoiona siyo kuhesabu, ni kujua bloku ni ipi. Watu wanadhani ukishanyoosha mikono karibu na wavu basi umebloku. Hapana. Mpira ukikugusa lazima uwe karibu na wavu na sehemu fulani ya mwili wako iwe juu ya ukingo wa wavu wakati huohuo, yaani mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Sehemu gani, yoyote. Kwa hiyo kama vidole bado viko juu na mpira ukapita katikati ya mikono ukakupiga kifuani, hiyo bado ni bloku.

Turudi kwa namba 7, tubadilishe kitu kimoja tu. Tuseme kachelewa kuruka, anashuka, vidole vimeshapita chini ya ukingo, ndo smashi inamgonga mikononi na yeye anauokoa tena. Hapo hakuna bloku, ule ni mguso wa kwanza wa timu, na akiugusa tena kwa tendo la pili ni kosa la kugusa mara mbili, napuliza. Tofauti ni sentimita chache, ndo maana refa wa kwanza anasimama macho yakiwa kama sentimita 50 juu ya wavu, na ndo maana nawaomba walimu mpime wavu katikati kabla ya mechi, maana kamba ikilegea kila kitu kinaonekana kiko juu.

Kuvusha mikono nako kuna ugomvi. Kuvusha mikono upande wa pili siyo kosa, mradi humwingilii mwenzio anavyocheza. Kosa ni kuugusa mpira kulekule kabla mpinzani hajapiga pigo la shambulizi. Pigo la shambulizi siyo smashi tu jamani, ni mpira wowote uliopigwa kuelekea upande wako, ukiondoa sevu na bloku. Seta akiudokoa kwa ncha za vidole kuja kwako, hilo ni shambulizi, ufuate kulekule ukaubloku. Lakini kama anaunyanyua sambamba na wavu kwa ajili ya mshambuliaji wake na wewe ukaupiga ukiwa bado kwao, nitaweka mkono juu ya wavu kiganja kikitazama chini, pointi yao.

Inayochanganya zaidi ni pasi mbovu, mpokeaji wa sevu anaupeleka mpira moja kwa moja kwenye wavu. Seta karuka anaufikia, mpira bado uko kwao, basi ni haki yake, subiri. Ila kama unakuja kuvuka na hakuna mwenzao anayeweza kuufikia, huo umeshakuwa shambulizi, unaruhusiwa. Mguso wao wa tatu hauna mjadala, ukishapigwa kuja kwako unaubloku hata kama bado haujavuka. Mpira ukikaa juu ya ukingo wenyewe, nusu huku nusu kule, timu zote mbili zinaweza kuugusa.

Na wanaotoka ukumbini kwenda kucheza ufukweni, wachezaji wawili wawili, angalieni sana: kule bloku inahesabiwa. Ukigusa kwa bloku mmebakiwa na miwili tu, ingawa wewe uliyebloku unaruhusiwa kuupiga huo wa pili. Yule namba 7 na mwenzake wangecheza vilevile mchangani, smashi ya mwisho ingekuwa ya nne kweli, na kocha angekuwa sahihi.