Nyumba 130 juu ya ardhi ya chuo: jinsi ekwiti ilivyomzuia mtu bila kuifuta sheria

Wateja wengi wanaoingia ofisini kwangu na mgogoro wa ardhi huniuliza swali lilelile kwa namna tofauti: "Wakili, kama karatasi inasema hivi na sheria inasema hivi, mahakama inapata wapi nguvu ya kumwambia mtu asubiri?" Swali hilo lina jibu la kweli, nalo ni refu kidogo. Linaanzia Uingereza, kwenye mfumo uliokuwa na mahakama mbili tofauti, moja ya sheria ya kawaida, yaani sheria iliyojengwa na maamuzi ya majaji wa mfalme, na nyingine ya Chansela, mtunza muhuri wa mfalme. Kanuni za mahakama hii ya pili ndizo sisi mawakili tunaziita ekwiti.

Katika karne ya 13 mtu hakuweza kwenda tu mbele ya majaji wa mfalme akaeleza alivyodhulumiwa. Ilibidi kwanza anunue hati yenye muhuri wa mfalme kutoka ofisi ya Chansela, na kila aina ya dai lilikuwa na hati yake. Kama dai lako halikuingia katika hati yoyote, hukuwa na kesi. Mwanzoni Chansela aliweza kubuni hati mpya, lakini mwaka 1258 mabwana wakubwa wa nchi walimbana kwa Masharti ya Oksifodi, asitie muhuri hati zisizo za kawaida bila idhini ya mfalme na baraza lake. Mlango ukawa mwembamba. Tena majaji wa sheria ya kawaida walikuwa na dawa chache, na iliyokuwa kubwa kuliko zote ni kumwamuru mshindwa alipe pesa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa hati ya deni. Mtu alikopa, akatia muhuri wake kwenye hati inayosema anadaiwa kiasi fulani. Siku ikafika, akalipa. Ila hakuichukua ile hati ili iharibiwe, wala hakuandikiwa stakabadhi yenye muhuri. Mkopeshaji asiye na haya angeweza kuipeleka hati hiyohiyo mahakamani, na majaji wangemwamuru mkopaji alipe mara ya pili. Hawakuwa wakatili. Walishikilia kwamba hati yenye muhuri hujibiwa kwa hati yenye muhuri, kwa sababu wakianza kusikiliza maneno ya mdomo dhidi ya maandishi, hakuna hati itakayoaminika tena. Kanuni hiyo ina maana, na mimi mwenyewe ningeitetea. Tatizo ni kwamba katika kesi hii moja inampa mtu pesa ambazo yeye mwenyewe anajua si zake.

Mkopaji wa namna hiyo alimwandikia mfalme ombi, na mfalme akalipeleka kwa Chansela. Zama hizo Chansela alikuwa kwa kawaida kiongozi wa kanisa, aliyezoea kuwauliza watu juu ya dhamiri zao. Hakuhitaji hati maalumu. Alimwita mlalamikiwa, akamwapisha, akamhoji: ulilipwa au hukulipwa? Mahakama za sheria ya kawaida hazikuwa na njia hiyo, maana kwao wenye kesi wenyewe hawakuruhusiwa kutoa ushahidi. Mkopeshaji akikiri kwamba alilipwa, Chansela hakusema hati ni batili, wala hakusema majaji wamekosea. Alimwambia mtu yule mmoja: nakuzuia kuitumia hati hii, na ukiitumia utakwenda gerezani.

Hapo ndipo penye kiini cha ekwiti. Sheria ya kawaida ilitazama haki ni ya nani. Chansela alimtazama mwenye haki, na kumwamuru afanye jambo au asilifanye. Kanuni ilibaki palepale, ila mtu alifungwa mikono asiitumie kudhulumu.

Mpango huo haukuweza kudumu bila ugomvi, na ugomvi mkubwa ulikuja mwaka 1615. Chuo cha Magdalini cha Kembriji kilikuwa na ardhi Aldigeti, Londoni. Wakati wa Malkia Elizabeti wa Kwanza kilitaka kuiuza, lakini sheria ya bunge ya 1571 ilivikataza vyuo kutoa ardhi zao isipokuwa kwa kukodisha kwa muda wenye kikomo. Wakatafuta njia ya kuzunguka: ardhi ikapelekwa kwa Malkia, wakiamini katazo halimhusu, naye akampa Benedikti Spinola, mfanyabiashara wa Jenoa. Baadaye ikafika kwa kabaila aliyeitwa Bwana wa Oksifodi, na nyumba 130 zikajengwa juu yake.

Miaka mingi ikapita. Mkuu wa chuo wa baadaye, Barnabi Guche, akaitazama sheria ya 1571 upya na kudai kwamba uuzaji ule ulikuwa batili tangu mwanzo, hata kama ulipitia mikononi mwa Malkia. Majaji wa sheria ya kawaida, chini ya Jaji Mkuu Edwadi Kuku, wakakubaliana na upande wa chuo. Ukisoma sheria ile kwa maneno yake, hoja yao si ya kubezwa. Lakini tazama matokeo yake: chuo kilichouza na kupokea bei kinarudishiwa ardhi pamoja na nyumba 130 ambazo hakikuweka hata tofali moja.

Upande wa Bwana wa Oksifodi ukaenda kwa Chansela Elesmia. Guche na mwenzake walikataa kujibu, wakisema jambo limekwisha kuhukumiwa. Chansela akawatia gereza la Fliti kwa kuidharau mahakama. Katika uamuzi wake alieleza kwamba matendo ya watu ni ya aina nyingi mno, hata haiwezekani kutunga sheria moja ya jumla itakayofaa kila tendo bila kukwama mahali. Akasema kazi ya Chansela ni kurekebisha dhamiri za watu katika hila, uvunjaji wa amana, dhuluma na uonevu, na kulainisha ukali wa sheria. Alisisitiza pia kwamba hukumu ya majaji hakuigusa, bali alimgusa aliyeishinda kesi, kwa sababu ya dhamiri yake ngumu.

Kuku hakukubali hata kidogo. Kwake, hukumu ambayo mshindi wake anazuiwa kuitekeleza ni hukumu iliyofutwa kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1616 Mfalme Jemsi wa Kwanza, akishauriwa na Mwanasheria Mkuu wake Fransisi Bekoni, aliamua kwamba amri ya Chansela itatangulia.

Nasema wazi kwamba Kuku alikuwa na hoja ambayo haijafa. Dhamiri ya Chansela mmoja si ya mwingine. Mwanasheria Joni Seldeni wa karne hiyohiyo alisema ni kama tungetumia mguu wa Chansela kuwa kipimo cha urefu: mmoja ana mguu mrefu, mwingine mfupi. Ekwiti iliponea hapo kwa kujifunga yenyewe. Kuanzia Chansela Notingamu, aliyeshika nafasi hiyo miaka ya 1670, maamuzi yalianza kufuata maamuzi yaliyotangulia, hadi dhamiri ikawa na kanuni zake. Gharama yake ni kwamba mahakama hiyo nayo ikawa nzito na ya kuchelewa mno, na mwenye kesi alikimbia huku na huku kati ya mahakama mbili. Sheria ya bunge ya 1873, iliyoanza kutumika 1875, iliziunganisha mahakama hizo, ikaeleza kwamba kanuni mbili zikigongana, ya ekwiti ndiyo itashinda.

Kanuni hizo zilifika kwetu na dola ya Kiingereza, zikabaki. Tanganyika ilipokea sheria ya kawaida na ekwiti kama zilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920, na kwa Kenya tarehe ni 12 Agosti 1897. Wazo lililo nyuma ya ile habari ya hati ya deni, kwamba karatasi isimpe mtu pesa zisizo zake, limo pia katika sheria ya mikataba ya Tanzania. Kifungu cha 74 kinasema kwamba hata mkataba ukitaja adhabu kwa atakayeuvunja, aliyeumizwa atapata fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kutaja milioni hamsini kwenye karatasi hakumpi mtu milioni hamsini.

Sasa chukua mfano wa kubuni, lakini wa aina ninayoiona kila mwaka. Mwalimu Asha amenunua kiwanja, amelipa bei yote, ana mkataba na mashahidi, ila uhamisho wa hati haujakamilika. Muuzaji anapata mnunuzi mwingine mwenye bei kubwa zaidi. Sheria ya kawaida peke yake ingempa Asha fidia: arudishiwe pesa na hasara aliyopata. Ekwiti inauliza kama pesa zinatosha. Kwa gunia la mchele zinatosha, utanunua jingine sokoni. Kiwanja hakina pacha. Kwa hiyo Asha anaweza kuomba muuzaji aamriwe kutimiza mkataba wenyewe, yaani amhamishie kiwanja.

Lakini kesi inaweza kuchukua miaka, na huku muuzaji anaweza kuuza kesho asubuhi. Ndiyo maana tunaanza na ombi la zuio la muda. Mahakama zetu za Tanzania hupima ombi hilo kwa masharti matatu ya kesi ya Atilio na Mbowe ya 1969: pawe na suala la kweli la kuamuliwa na uwezekano wa mdai kushinda, zuio liwe la lazima kumkinga na madhara ambayo fidia haitayaponya, na shida atakayopata mdai akinyimwa zuio iwe kubwa kuliko ya mdaiwa likitolewa. Kenya masharti yao yanafanana sana, kutoka kesi ya Giela na Kasmani Brauni ya 1973.

Maombi mengi ninayoyaona yakianguka huanguka kwenye sharti la pili. Hati ya kiapo inasema tu kwamba mwombaji "atapata hasara kubwa." Hasara kubwa si hoja, kwa sababu hasara kubwa inaweza kulipwa kwa fidia kubwa. Asha aeleze kwa nini kiwanja hiki: msingi wa nyumba uko futi ngapi tayari, nani amezikwa hapo, mnunuzi wa pili ameshaleta mafundi au bado. Na kama mwombaji mwenyewe ameandika tarehe za nyuma kwenye risiti, au amekaa kimya miaka minne huku mwenzake akijenga, ajue kwamba dawa hizi si haki ya kudai. Hutolewa kwa hiari ya mahakama, na mahakama humtazama mwombaji kama ilivyomtazama Guche.

Kwa hiyo mteja akikaa mbele yangu na karatasi zake, kabla ya kuuliza sheria inasemaje namwuliza mambo mawili: ulijua lini, na tangu siku hiyo umefanya nini.