Chai ya kusafisha tumbo inapunguza nini hasa?

"Nimekunywa chai ya kusafisha tumbo siku tatu, mzani umeshuka kilo mbili. Si nimepungua?"

Umepungua maji na choo. Mafuta yako yapo palepale. Soma pakiti: mara nyingi utakuta sanamaki, dawa ya zamani ya mtu aliyefunga choo, sasa imevalishwa jina jipya na kupandishwa bei.

Sanamaki hupita utumbo mwembamba bila kufanya kazi. Ikifika utumbo mpana, bakteria huigeuza, nayo huufanya utumbo ujikaze na kuzuia maji yasifyonzwe. Ndiyo maana ukiinywa saa tatu usiku, tumbo linakukata alfajiri. Lakini wali na chapati za jana zimekwisha kufyonzwa huko juu, kwenye utumbo mwembamba. Chai imefika karamu imekwisha. Kilo moja ya mafuta mwilini ina takribani kalori 7,700. Haiwezi kutokea chooni. Kunywa maji, kula kama kawaida siku mbili tatu, utaona mzani unarudi.

Na zile "sumu" ambazo chai hii inadaiwa kuzitoa? Ini na figo huzishughulikia kila siku. Utando wa ndani wa utumbo nao hujifanya upya kila baada ya siku chache, kwa hiyo hakuna uchafu wa miaka ulioganda humo.

Ukiharisha mfululizo unapoteza potasiamu: misuli inalegea, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango pia ajihadhari, maana kuharisha sana kunaweza kuvizuia visifyonzwe.